Gesi Mlangoni: Kaulimbiu Ndefu, Bango Dogo la Simu

Bango la tangazo linalokaa chini kabisa ya kioo cha simu, lile unalolikuta ukisoma habari au ukifuatilia matokeo ya mpira ndani ya matatu, lina upana wa pikseli 320 na kimo cha pikseli 50. Kuna vipimo vingine vikubwa zaidi, lakini hiki ndicho kinachonichukulia muda mwingi kuliko hata yale mabango marefu ya kando ya Mombasa Road. Kwenye bango la barabarani neno la ziada linapata pa kukaa. Kwenye hili la simu, neno moja likizidi, mengine yote yanapungua ukubwa hadi msomaji anaona mstari wa sisimizi badala ya maandishi.

Na hizo pikseli 320 si zote za maneno. Kushoto kuna nembo ya mwenye biashara, tuseme pikseli 40, pamoja na pengo la 8 kila upande. Kulia kuna kitufe cha pikseli 84, nacho kina mapengo yake mawili ya 8. Ukishatoa hayo unabaki na pikseli 164. Kwa maandishi ya ukubwa wa 14, herufi moja huchukua pikseli 7 na kitu kidogo kwa wastani, kwa hiyo mstari mmoja unabeba herufi kama 22, nafasi kati ya maneno zikihesabiwa. Kimo kinaruhusu mistari miwili. Ukilazimisha mitatu, mtu aliyesimama juani pale Muthurwa akisubiri gari hataona kitu.

Nimeandika matangazo ya Kiswahili hapa Nairobi kwa muda wa kutosha kujua kwamba ushauri wa "tumia maneno machache" hautusaidii sana kama ulivyo. Neno letu moja linaweza kuwa sentensi nzima. Ukihesabu maneno, unaweza kuacha neno lenye herufi nyingi kwa sababu ni moja tu, halafu ukakata viunganishi vidogo vya herufi mbili ambavyo ndivyo vilivyokuwa vimeshika maana. Nitaeleza kwa kazi moja niliyoifanya, ya mama mmoja mwenye duka la gesi upande wa Donholm, kwa sababu karibu kila mtego wa kazi hii ulijitokeza humo.

Kaulimbiu yake ilikuwa tayari imechorwa kwenye ukuta wa duka, kwa rangi ya buluu, na alitaka iingie vilevile kwenye bango la simu:

"Tunakuletea gesi ya kupikia mpaka mlangoni kwako ndani ya dakika thelathini bila malipo ya ziada."

Ni maneno 15, na herufi 96 ukijumlisha nafasi. Sisi tulikuwa na nafasi ya herufi 44 kwa mistari yote miwili, na hata hizo ukizijaza zote bango linabana. Mama mwenyewe aliniambia, "Kijana wangu, hapo hakuna neno la kutupa. Yote ni kweli."

Nilimjibu, "Mama, hatutupi ukweli wowote. Tunatafuta ni nani mwingine kwenye bango anayeweza kuusema."

Huo ndio msingi wa kazi yote. Bango si maandishi peke yake. Lina nembo, lina picha au rangi, lina kitufe, na linatokea kwenye simu ya mtu fulani mahali fulani. Kila kimoja kati ya hivyo kinasema jambo. Kazi ya mwandishi ni kuondoa kwenye maandishi kila kinachosemwa tayari na mwingine, kisha kulinda kwa nguvu zote yale maneno yanayoweka mpaka wa ahadi, kwa kuwa hayo hakuna mwingine wa kuyasema.

Nikaanza na neno la kwanza, tunakuletea. Kwa kuhesabu maneno, ni moja. Kwa pikseli, linakula nusu ya mstari. Ndani yake kuna mtu anayeleta, kuna wakati, kuna anayeletewa na kuna tendo lenyewe. Anayeleta ni duka, na nembo ya duka iko pale kushoto. Anayeletewa ni yule aliyeshika simu, hana haja ya kuambiwa kwamba ni yeye. Wakati ni sasa, maana tangazo halizungumzii jana. Kilichobaki ni tendo, na tendo tunaweza kulikabidhi kwa kitufe. Kwa maana hiyo bango zima linasomeka kama sentensi moja: nembo ndiyo mtenda, maandishi ndiyo kinachopatikana, kitufe ndicho kitenzi. Ukishaiona hivyo, maandishi ya katikati yanaweza kuishi bila kitenzi chochote.

Angalia "Lipa na M-PESA", ambayo tumeizoea tangu mwaka 2013 kwenye kila kioski na kila kaunta. Haisemi unamlipa nani wala unalipia nini. Ukuta wa duka unasema unamlipa nani, na bidhaa iliyo mkononi mwako inasema unalipia nini. Maandishi yamebaki na mambo mawili tu yasiyosemwa na mwingine pale, yaani ufanye nini na kwa njia gani.

Wengine hupunguza kitenzi kwa kubadilisha wakati: badala ya tunaleta wanaandika twaleta. Inaokoa herufi moja. Safaricom walipotumia "Twaweza" kama kaulimbiu yao kuanzia mwaka 2017 ilikaa vizuri, kwa sababu walitaka sauti ya tamko, sauti ya watu wengi waliosimama pamoja. Gesi ya jikoni haihitaji tamko. Kwa masikio ya Nairobi, twaleta ina harufu ya ushairi au ya mimbari, na mtu anayetafuta gesi huku sufuria ya ugali imepoa hayuko katika hali hiyo. Herufi moja haikutosha kununua mabadiliko hayo ya sauti.

Msanifu tuliyekuwa naye alikuja na wazo lingine. Kwa kuwa picha ya mtungi ingekuwepo kwenye nembo, alipendekeza tuandike tu "Unafika dakika 30". Mtungi unafika. Ni fupi na inajitosheleza, ilimradi msomaji ameuona mtungi kwanza. Nilimwomba amwonyeshe askari wa geti la jengo letu bila kumweleza lolote. Askari alisoma akasema, "Kwa hivyo ni mbali, dakika thelathini?" Alikuwa ameelewa kwamba yeye ndiye anayefika, kwamba kutoka alipo hadi dukani ni mwendo wa nusu saa. Na alikuwa na haki kabisa. Kile kiambishi u- cha mtungi ndicho hichohicho cha wewe. Nomino inapokuwepo hakuna anayechanganyikiwa, lakini ukiitoa, kiambishi kinabaki yatima na kinajitafutia mzazi wa karibu. Kwenye simu, mzazi wa karibu siku zote ni msomaji mwenyewe. Tangu hapo, kabla ya kutoa nomino yoyote, mimi hutazama kwanza ni viambishi gani vilivyokuwa vinaitegemea. Inafika ingekuwa salama zaidi, kwa kuwa gesi haigongani na mtu, lakini nayo ingemwacha msomaji akiuliza ni nini kinachofika.

Baada ya kitenzi, yakafuata yale yaliyokuwa rahisi. "Ya kupikia" ilitoka bila ubishi, kwa sababu ukimwambia mtu wa Umoja au Kayole "gesi" hafikirii kitu kingine, na mtungi uko kwenye nembo. "Kwako" ilitoka kwa sababu mlango unaozungumziwa kwenye simu yako ni wako. "Thelathini" iliandikwa 30, ikaokoa herufi nane kwa mkupuo mmoja. Mama aliuliza kwa nini tusiandike "nusu saa", ambayo ni fupi kuliko "dakika 30" kwa herufi moja. Nikamwambia kwamba nusu saa, jinsi watu wa mji huu wanavyoitumia, ni makadirio. Mtu akikuambia kwenye simu "nakuja nusu saa" unaweza kuendelea na shughuli zako. Dakika 30 ni hesabu, na watu huiwekea saa. Alikuwa anatangaza hesabu au makadirio?

Swali hilo likatufikisha kwa kijana wa boda boda anayebeba mitungi. Alituambia wazi kwamba asubuhi anafika popote Donholm na Umoja kabla ya muda huo, lakini saa kumi na mbili jioni, Outer Ring Road ikiwa imejaa na mvua imeanza, hawezi kuapa. Kwenye ukuta wa duka ahadi hiyo haikuwa na madhara makubwa, maana anayeisoma amesimama dukani na anaweza kumuuliza mama hali ya barabara. Kwenye bango la simu hakuna wa kuulizwa. Na huwezi kuandika "dakika 30 ikiwa hakuna foleni" ndani ya pikseli 164. Kwa hiyo tuliiondoa ahadi ya muda kwenye bango, tukaihamishia kwenye ukurasa unaofunguka mtu akibonyeza, ambako ina nafasi ya kukaa pamoja na masharti yake: mitaa gani, saa ngapi hadi saa ngapi. Hiki ndicho kipimo ninachotumia: ahadi isiyoweza kusimama bila sharti lake, na sharti halitoshi kwenye bango, zote mbili zinaondoka pamoja. Kuondoa sharti na kuacha ahadi si kupunguza maneno, ni kusema jambo jingine.

Hapo tulibaki na mambo matatu: gesi, mlangoni, na bila malipo ya ziada. Hilo la tatu ndilo lililotusumbua kuliko yote.

"Bila malipo ya ziada" ni herufi 20, karibu mstari mzima. Njia inayokuja haraka ni neno "bure". Lina herufi nne, kila mtu analijua, na kila mtu hulitazama. Tukajaribu "Gesi bure hadi mlangoni". Huhitaji kuwa wakili kuona tatizo: bure imekaa ubavuni mwa gesi, na anayesoma anaelewa kwamba gesi yenyewe haina bei. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012 hairuhusu maelezo ya kumpotosha mnunuzi, lakini hata kabla ya sheria, mama angejaza siku yake kwa simu za watu wenye hasira.

Tukalisogeza: "Gesi hadi mlangoni bure". Sasa bure imekaa mwisho, mbali na gesi, na kisarufi unaweza kusema inaelezea kufika mlangoni. Lakini msomaji wa bango hasomi kisarufi. Anaokota maneno mawili yanayong'aa zaidi, na hapo yanayong'aa ni gesi na bure. Nilimwonyesha mama mboga aliye mkabala na duka, akaniuliza kama ni serikali inayogawa. Neno lenye nguvu kiasi hicho halitulii mahali ulipoliweka. Linaenda kushikamana na nomino kubwa iliyo karibu, na njia pekee ya kulizuia ni kulifunga kwa nomino yake yenyewe, kama vile "kuletewa ni bure". Hiyo ilikuwa nzuri. Ina herufi 16, na kile kishirikishi kidogo "ni" kinafanya kazi kubwa sana, kwa kuwa kinasema bure ni sifa ya kuletewa na si ya kingine. Ukiona mtu amekata "ni" kwenye kaulimbiu ya namna hii ili kuokoa herufi, mwombe airudishe.

Kwa hiyo tulikuwa na "Gesi hadi mlangoni" juu, herufi 18, na "Kuletewa ni bure" chini. Inatosha kwenye bango na haidanganyi. Wengi wangeishia hapo. Mimi nilisumbuliwa na jambo moja: mistari hiyo miwili inasema mara mbili kwamba gesi inaletwa. Hadi mlangoni ni kuletewa, na kuletewa ni kuletewa. Kwenye herufi 34, kurudia wazo moja ni ubadhirifu.

Ilikuwa lazima mmoja uondoke, na jibu la haraka lilikuwa kuondoa mlangoni. Mama alikataa, na alikataa kwa sababu nzuri kabisa. "Wengine wote wanaacha getini," alisema. "Mimi kijana wangu anapandisha." Mtungi wa kilo 13 ukiwa umejaa, pamoja na chuma chake, unazidi kilo 25. Kwenye majengo mengi ya Eastlands hakuna lifti. Anayeishi ghorofa ya nne na ana mtoto mgongoni anajua tofauti kati ya getini na mlangoni vizuri kuliko mwandishi yeyote wa matangazo. Neno mlangoni ndilo lililokuwa bidhaa yake hasa, na gesi ilikuwa ile ile inayouzwa kila mahali. Kwa hiyo mlangoni ilibaki, kuletewa ikatoka, na kwa kuwa bure isingeweza kubaki bila kuletewa, nayo ikatoka.

Sasa tutaje vipi kwamba hakuna malipo ya ziada bila kutumia bure? Nilimwomba mama anieleze jinsi anavyomjibu mteja anayepiga simu kuuliza bei. Alisema bila kufikiri, "Namwambia bei ni ileile ya hapa dukani." Jibu lilikuwa limelala hapo. Bei ya dukani. Haisemi bure, kwa hiyo haina cha kurukia gesi. Inasema kuna bei, na inasema ni ipi. Anayeijua bei ya kilo 6 au kilo 13 kwenye mtaa wake anajua mara moja atatoa shilingi ngapi.

Msanifu aliandika "bei ya duka" ili aokoe herufi mbili zaidi. Tukazirudisha. Bei ya duka inaweza kusikika kama bei ya rejareja, kinyume cha bei ya jumla, na mtu akajiuliza kama kuna bei nyingine nafuu anayofichwa. Bei ya dukani ni ile ambayo ungelipa ungekwenda mwenyewe na mtungi wako mkononi. Hiyo -ni inasema mahali, na mahali ndipo penye hoja yote.

Tukawa na "Gesi hadi mlangoni / kwa bei ya dukani". Mstari wa juu herufi 18, wa chini 17. Ilikuwa inapendeza na mama aliipenda. Ila bado tulikuwa hatujafika kwenye uchache wa mwisho, na sababu yake inafaa kuelezwa polepole.

Mwanzoni nilikuwa nimekataa kukata "hadi". "Gesi mlangoni" peke yake haielekei popote. Kile kiambishi cha mahali hakisemi kama kitu kinakwenda, kinatoka au kimekaa tu. Kwa kawaida kitenzi ndicho kinachotuambia, na kitenzi tulikuwa tumeshakitoa. Mtu angeweza kudhani ni onyo kuhusu gesi inayovuja. Hadi ndiyo iliyokuwa inatupa mwelekeo. Lakini mstari wa pili ulipobadilika kuwa bei ya dukani, pakazaliwa kitu kipya: mlangoni na dukani sasa zinatazamana. Msomaji anaona sehemu mbili, anaelewa kwamba kitu kinatoka kule na kinapatikana huku, na mwelekeo unajulikana bila hadi. "Kwa" nayo haikuwa na kazi tena, maana mkato mwishoni mwa mstari wa kwanza unatosha kuunganisha. Neno ambalo huwezi kulikata leo unaweza kulikata baada ya jirani yake kubadilika, kwa hiyo kila badiliko likitokea, mimi huanza tena kupitia yale niliyokuwa nimeyalinda.

Ikabaki hivi:

Gesi mlangoni,
bei ya dukani

Maneno matano, herufi 28 ukihesabu na nafasi kati ya mistari. Kila mstari una mizani sita, na vina vinakutana kwenye -ni. Hatukuvitafuta vina hivyo. Vilikuja kwa sababu maneno yote mawili ni ya mahali. Ila nilifurahi navyo, kwa kuwa mtu aliyelelewa na methali na mashairi hushika kitu chenye mizani bila kujitahidi, na kwenye bango linaloonekana kwa muda mfupi hiyo ni faida halisi. Kilichonifurahisha zaidi ni ukubwa. Kwa kuwa mstari mrefu sasa ni herufi 14 badala ya 22, tuliweza kupandisha maandishi kutoka 14 hadi 18. Mistari miwili ya 18 inachukua pikseli kama 42 za kimo, na bado kunabaki upenyo juu na chini.

Kitufe nacho kilitaka uamuzi wake. "Bonyeza hapa" ni herufi 12 na haisemi utapata nini. Tulibishana kati ya "Agiza" na "Itisha". Agiza ina herufi chache na inaeleweka kila mahali. Itisha ndilo neno wanalosema watu wa Nairobi: unaitisha gesi, unaitisha chakula, unaitisha pikipiki. Ukiziandika zote mbili kwa herufi za kawaida za skrini utaona zinachukua karibu upana uleule, kwa sababu i na t ni nyembamba, na A na g ni pana. Hapo hesabu ya herufi inadanganya. Herufi m peke yake inachukua nafasi ya i tatu au zaidi, kwa hiyo "mwamko" na "kilele" haziko sawa hata kama zote zina herufi sita. Mwisho wa yote mimi hupima kwa pikseli kwenye fonti yenyewe, na herufi nazitumia kwa makadirio ya mwanzo tu. Tulichagua Itisha.

Jina la mtaa halikuingia kwenye bango, ingawa duka linahudumia mitaa michache. Tangazo liliwekwa lionekane kwenye simu zilizoko Donholm, Umoja na Buruburu pekee, kwa hiyo mahali palisemwa na mpangilio wa tangazo. Hata hivyo mpangilio huo si ukuta. Mtu anayepita tu na matatu kuelekea kwingine anaweza kuliona, na ndiyo maana ukurasa unaofunguka unaanza na majina ya mitaa kabla ya kitu kingine chochote.

Kupima kama maana imebaki hakuhitaji mitambo. Msanifu alituma bango kwenye simu yangu, kama faili na si kama picha ya kawaida ya WhatsApp, kwa sababu picha ikibanwa kingo za herufi huchakaa na unaishia kuhukumu kitu ambacho si chenyewe. Faili lilikuwa na ukubwa maradufu, 640 kwa 100, ili maandishi yakae makali kwenye vioo vya kisasa. Nikapunguza mwanga wa simu, kama mtu anayehifadhi chaji, nikamwonyesha mtu kwa muda wa kuvuta pumzi mara moja, kisha nikaificha. Halafu maswali matatu: wanauza nini, utalipa ngapi, na itakufikia wapi? Siulizi kama amelipenda. Anayependa anaweza kuwa ameelewa vingine kabisa. Fundi wa viatu chini ya jengo letu alisema, "Ni gesi, unalipa kama ya dukani, wanakuletea nyumbani." Alitumia neno wanakuletea, lile lile tulilolikata mwanzo kabisa. Alilijaza mwenyewe.

Kuna mahali ambapo kazi hii yote inaweza kuharibika hata baada ya bango kukamilika. Ukitangaza kupitia Google kwa yale matangazo yanayojipanga yenyewe, hupeleki bango lililochorwa. Unapeleka vichwa vifupi visivyozidi herufi 30 na maelezo yasiyozidi 90, na mfumo unavichanganya utakavyo. Mstari wako wa kwanza unaweza kutokea bila wa pili. "Gesi mlangoni" ikibaki peke yake inarudi kwenye utata tuliokuwa tumeuondoa, na "bei ya dukani" peke yake haina bidhaa. Kwa hiyo haziwekwi kama vichwa viwili. Zinawekwa kama kichwa kimoja, "Gesi mlangoni, bei ya dukani", ambacho kwa herufi 28 kinapita chini ya kikomo bila kuguswa. Ile ya awali, yenye hadi na kwa, ingekuwa 36 na ingekataliwa.

Bango lilipoanza kuonekana, nilimwomba mama aandike kwenye daftari lake la mauzo swali la kwanza la kila anayepiga simu. Mtu akiuliza "gesi ni bure?" au "nije wapi?", maandishi yameshindwa na tunarudi mezani. Akiuliza "kilo 13 iko?" au "mnafika mtaa wa Tena?", bango limefanya kazi yake, na lililobaki ni la mama na kijana wa boda boda.